Jina Tulilopewa na Bwana Utamaduni

Watu wa Mazwi, mtaa wetu wa Sumbawanga, walimwita Bwana Utamaduni, na sidhani kama nusu yao walijua jina alilobatizwa. Mimi nililijua, kwa sababu nililipiga taipu kila siku chini ya barua zake, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake. Sitalitamka hapa pia. Mtu aliyewapa wengine majina mengi kiasi kile, nimeona nimwachie la cheo chake.

Nilikuwa karani wake miaka ya Ujamaa, katika ofisi ya vyumba viwili yenye paa la bati. Kipupwe kilipoingia Sumbawanga, vidole vyangu vilikufa ganzi juu ya mashine, naye aliniambia nikaote jua kwanza. Mwenyewe alivaa koti lile lile la sufu mwaka mzima, mikono nyuma, shingo mbele kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa kusimamia ngoma, kwaya na maigizo wilayani. Kazi yake hasa, kwa jinsi nilivyoiona mimi, ilikuwa kutoa majina.

Hakuweza kupita mbele ya kitu kisicho na jina. Timu ya mpira ya mafundi gereji, kikundi cha akina mama waliofyatua matofali, mbuzi wa paroko, vyote alivipa majina, na mengi yaliganda. Aliwahi kusimama mbele ya duka letu siku baba yangu aliponunua lori kuukuu la kupeleka mizigo hadi Kirando na kurudi na dagaa. Baba alitaka liandikwe "Tutafika" juu ya kioo cha mbele. Bwana Utamaduni alilizunguka, akauliza:

"Gari hili linagombana na nini?"

Baba alimjibu kwamba linagombana na matope, kama magari yote ya huku.

"Basi ukisema mtafika, umeshamtaja mshindi. Nani atasimama kutazama mchezo ambao mshindi ametajwa?"

Alinong'ona na mchoraji, na jioni lori lilirudi limeandikwa "Tutafika?" na alama ya kuuliza kubwa kama ndoana. Watu walilisoma, wakacheka sana, na wiki ile hakuna abiria aliyekubali kupanda. Baba aliifuta ile alama kwa mafuta ya taa na hakumsalimu mpaka Idi. Bwana Utamaduni hakukasirika. Aliniambia ofisini kwamba jina la gari na jina la mchezo ni vitu viwili: abiria anataka kuhakikishiwa, mtazamaji anataka kutiwa wasiwasi. Alikuwa amesahau kwa muda kwamba baba yangu anauza nafasi, hauzi hadithi.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake, na mimi nimeula mkate wake maisha yangu yote. Alipenda mfano wa kuvuta kamba, ule mchezo wa shuleni. Jina la mchezo, alisema, lionyeshe kamba imekazwa, na lisionyeshe nani ameanguka. Likionyesha upande mmoja tu, ni tangazo. Likionyesha aliyeanguka, ni taarifa ya habari.

Mada za maigizo zilikuwa zikishuka kutoka juu, zimefungwa tayari na vichwa vyake: kilimo bora, elimu ya watu wazima, usafi. Mara moja ilikuja mada iitwayo "Faida za Choo Bora". Alikishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole akauliza nani atakaa kwenye upepo wa Ufipa kutazama faida. Kisha akaniambia nipige: "Baba Mkwe Anakuja." Igizo lilikuwa la mwanamume mvivu asiye na choo, mwenye majivuno mengi, aliyepata habari kwamba mkwewe atalala kwake. Kwa Wafipa huhitaji kueleza zaidi. Kila aliyesikia jina lile alijua papo hapo nini kinavutana na nini, aibu na uvivu, na kwamba muda unakwisha. Watu walitoka vijiji jirani kuja kutazama. Mkwe hakuonekana jukwaani mpaka mwisho, lakini kila mtu alimwona tangu alipolisikia jina.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alikisema Kifipa vizuri kuliko mapadri waliokitafsiri, lakini ofisini hakuruhusu hata neno moja, hata mjomba wake alipokuja. Alikuwa mkali kwa wasanii waliosema uongo jukwaani. Mzee akilia, alie kama wazee wanavyolia, alisema, wazee hawapigi kelele. Lakini wakubwa wakiingia ofisini, sauti yake ilipungua, mabega yakashuka, na alikubali lolote kabla halijamalizwa kusemwa. Mimi nilikuwa nainamia mashine nisimwone. Si kwamba nilimdharau. Niliona haya kwa niaba yake, na haya za namna hiyo ni nzito kuliko zako mwenyewe, kwa sababu huna ruhusa ya kuziombea radhi.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamisha watu kwenye vijiji vya Ujamaa. Aliagizwa atunge igizo la kuwapokea wahamiaji katika kijiji kimoja kipya cha huko uwandani, ambacho sitakitaja kwa kuwa wajukuu wa watu wale bado wanalima pale. Jina lilikuja pamoja na agizo: "Tumehama Wenyewe." Nilingoja aulize nani anavuta upande wa pili. Hakuuliza. Alisema, "Piga hivyo hivyo, binti yangu," na nikapiga.

Alikwenda huko na timu ya operesheni na alikaa siku kadhaa. Aliporudi, koti lilikuwa limejaa vipande vya nyasi kavu na viganja vyake vimechubuka. Tulidhani ana malaria, kwa jinsi alivyojikunyata kitini. Igizo lilichezwa mara moja, halikurudiwa. Toka hapo alianza kunywa chai bila sukari. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Sukari iliporudi madukani, yeye hakuirudia.

Nilihama Sumbawanga nikiwa mtu mzima tayari. Niliandika michezo ya redio, na televisheni ilipofika bara nikaingia huko, nikawa mhariri wa miswada ya tamthilia. Kila nilipokuja nyumbani likizo nilikwenda kumwamkia. Alikuwa amestaafu, amejenga Izia, pembezoni, mahali nyumba zinapoishia na mahindi na ulezi yanapoanza. Tulikaa kibarazani, akaniuliza tamthilia zetu zinaitwaje, na kila nilipotaja jina alitoa hukumu. Nyingi zilikuwa na "machozi" au "penzi" ndani yake. Alisema majina hayo yanamwambia mtazamaji alie kabla hajaambiwa kwa nini.

Katika likizo moja alinisimulia kisa cha kijana mmoja wa wakati wa operesheni. Kijana huyo alikuwa mtumishi wa serikali, na watumishi wazawa waliambiwa waonyeshe mfano kwenye vijiji vyao kwanza. Mama yake, mjane, alikataa kuhama kwa sababu mumewe alizikwa nyuma ya nyumba. Amri ilikuwa kwamba nyumba ya anayekataa iezuliwe. Kijana akapanda juu ya nyumba ya mama yake kuitoa nyasi kwa mikono yake. Alinisimulia hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya jirani, kisha akaniuliza mahindi ya Dar es Salaam yanauzwaje.

Kisa kile hakikuniacha. Nilikiandikia muhtasari, nikaupeleka kwa mwongozaji niliyefanya naye kazi, kijana mwepesi wa akili na mwepesi wa hasira. Kituo kimoja cha televisheni kilikubali kugharamia sehemu kumi na tatu. Tukaja Ufipa kupiga picha, tukakodi nyumba Izia, na nikamwomba Bwana Utamaduni awe mshauri wetu wa lugha na mambo ya wakati ule. Alikubali kwa namna yake ya zamani, kabla sijamaliza kuomba.

Tulikuwa na muswada, waigizaji na nyumba ya nyasi tuliyoijenga sisi wenyewe. Jina hatukuwa nalo. Kwenye makaratasi tuliandika "Operesheni", na hilo lilikuwa jina la kazi tu, la kutusaidia kuitana. Kituo kilitaka jina la kudumu kabla ya mwisho wa juma ili waanze kutengeneza matangazo. Kwa hiyo tulikaa sebuleni na chupa za chai, mwongozaji, mimi, waigizaji wawili wakuu, na Bwana Utamaduni kwenye kiti karibu na dirisha, tukaanza kurusha majina.

Mwongozaji alitaka "Operesheni" libaki, maana ni neno moja na linaonekana vizuri. Bwana Utamaduni alimwuliza mtu asiyejua chochote atadhani ni nini. Tulimwita mama aliyekuwa akitupikia, tukamwambia jina bila kumweleza hadithi. Akasema ni ya hospitali. Dereva wetu akasema ni ya polisi. Likafa.

"Mama na Mwana" lilikuwa la mwigizaji wa kike. Bwana Utamaduni alisema hilo linatuambia ni nani wamo, halituambii wanagombania nini, hata picha ya ubatizo yaweza kuitwa hivyo. "Nyumba Isiyo na Paa" nililitoa mimi, na nilijivunia. Akanitazama kwa huruma.

"Umemtaja aliyeanguka, binti yangu. Paa linatoka sehemu ya ngapi?"

Nikakiri kwamba linatoka sehemu ya tisa. Akasema kuanzia sehemu ya kwanza mtazamaji atakuwa anangoja paa litoke badala ya kuogopa litatoka, na baada ya ya tisa jina litakuwa limekufa, wakati tamthilia bado ina sehemu nne. Jina liwe na kazi mpaka siku ya mwisho. Mwongozaji akajaribu "Nani Alibomoa?", akaambiwa hilo linaahidi upelelezi, na sisi hatuna siri ya aliyebomoa, tunamwona kwa macho. Mtazamaji aliyeahidiwa upelelezi akapewa msiba atazima.

Mambo mengine alijifunza kwetu siku ile, na alipenda kujifunza. Tulimwonyesha kwenye simu jinsi jina linavyosinyaa kwenye picha ndogo ya mtandaoni mpaka herufi zinakuwa kama punje za ulezi, kwa hiyo maneno yasizidi mawili au matatu. Tulimwonyesha jinsi ya kulitafuta jina kwanza kuona kama kuna mwingine analo. "Machozi ya Mama" yalikuwepo matano, ya nyimbo na filamu. Tulimweleza kwamba mtangazaji atalisema jina mara nyingi kwa siku, kwa hiyo lisimkwaze ulimi. Alilisema kila jina kwa sauti, taratibu, kichwa kikiwa upande, kisha akalikataa.

Mwongozaji ndiye aliyeona kitu ambacho mimi sikukiona. Aliniita jikoni akaniambia kwamba mzee anakataa kwa hoja nzuri kila jina lililo na nyumba, paa au mtoto ndani yake, na yale ambayo angeyaruhusu ni ya jumla yasiyogusa kitu. Ni kweli. Mara mbili alikuwa amependekeza "Miaka Ile". Yeye, wa "Baba Mkwe Anakuja". Nilimtetea, nikasema amezeeka.

Tulipokwama tuliamua kupumzika kwa kusoma sehemu ya tisa kwa sauti, pengine jina limo ndani ya mazungumzo. Mara nyingi huwa limo. Kijana aliyeigiza mwana alisimama juu ya meza kana kwamba yuko juu ya nyumba. Mwigizaji wa kike, mama mtu mzima kutoka Mbeya, alisimama chini yake akasoma nilichoandika mimi: "Acha! Unavunja nyumba ya baba yako! Laana hii itakufuata!"

"Hakusema hivyo," alisema Bwana Utamaduni.

Tuligeuka. Alikuwa akitazama sakafu.

"Hakupiga kelele. Alisema, 'Shuka, mwanangu, utaanguka.'"

Hakuna aliyeuliza amejuaje. Mwigizaji wa kike aliukunja muswada wake polepole. Yule kijana juu ya meza alibaki amesimama, hajui ashuke au asishuke. Mzee alitutazama mmoja mmoja, nikaona uso wake ukielewa kilichomtoka, mabega yakaenda chini kama zamani mbele ya wakubwa. Safari hii wakubwa walikuwa sisi. Alichukua kofia yake, akasema jioni imeingia na ana ng'ombe wa kufunga. Ng'ombe hakuwa nao.

Mwongozaji alingoja mlango ufungwe, akaandika kwenye ubao: Shuka, Mwanangu.

Nilitamani lisiwe zuri. Nililipima kwa kila kipimo nilichofundishwa, nikitafuta dosari. Kuna anayesema na anayeambiwa. Mmoja yuko juu, mwingine chini, na aliye juu ndiye mdogo, hapo tayari dunia imepinduka. Kuna ugomvi na kuna mapenzi katika pumzi moja. Haliambii kama alishuka. Lina kazi mpaka sehemu ya kumi na tatu, kwa sababu hata baada ya paa kutoka, mwana yule bado yuko juu ya mama yake kwa cheo na kwa kiburi, bado anatakiwa kushuka. Tulimwuliza mpishi. Akasema: "Mtoto kapanda mahali pabaya, na mama yake anamwogopea." Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja.

Kituo walilipenda ila wakataka tulikate, liwe "Shuka" tu. Mwongozaji alilitafuta hilo mtandaoni, zikaja picha za shuka za kitandani, za maua, za harusi, ukurasa baada ya ukurasa. Alicheka. Mimi nilisema nitakwenda kumwuliza mwenyewe. Mwongozaji akanikumbusha kwamba matangazo yanangojwa, na kwamba kisa alinipa kwa hiari yake. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nilimkuta asubuhi nyuma ya nyumba, akipepeta maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba, sikuitumia. Nilimtajia jina.

Aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, "Kamba ipo?"

"Ipo, mzee."

"Na aliyeanguka hajatajwa?"

"Hajatajwa."

"Sasa umekuja kuuliza nini? Hayo nimekufundisha mimi."

Nilimwambia kwamba watu watajua. Wafanyakazi wetu walikuwa mle ndani, na mji huu ni mdogo. Nikamwambia naweza kumbishia mwongozaji, tukatafuta jina lingine, ingawa nilijua tayari sitaki lingine, na nadhani sauti yangu ilimwambia hivyo. Nikaongeza kwamba kituo kinataka "Shuka" peke yake, labda hilo lingemficha kidogo.

Hapo aliweka ungo chini.

"Ukiondoa 'mwanangu', inabaki amri. Amri zilikuwa nyingi wakati ule, mimi mwenyewe nilikuwa nazo mfukoni. Yeye hakuniamuru. Aliogopa nitaanguka."

Alinieleza yaliyobaki akiwa amesimama, kwa Kiswahili chake cha ofisini, kana kwamba natakiwa kukipiga taipu. Mama yake alisema maneno yale kwa Kifipa, mara moja. Yeye hakushuka, kwa sababu timu ilikuwa imesimama pale inamtazama, na mkubwa wao alikuwa ametoka kumsifu. Aling'oa nyasi mpaka zikabaki fito. Ngazi ilikuwa mbovu, miti miwili na vipande vilivyofungwa kwa kamba za magome. Aliposhuka kazi ikiwa imekwisha ndipo alipoona kwa nini haikuwa imeyumba. Mama yake alikuwa ameishikilia muda wote, kwa mikono miwili, nyasi zikimwangukia kichwani. Akamtoa mwanawe vipande vya nyasi kwenye koti, akaenda kupanda gari pamoja na wengine. Aliishi miaka mingi kwenye kijiji kile kipya na hakuligusia jambo lile hata siku moja. Kila mwanawe alipomtembelea alimpa chai, na kwa kuwa sukari ilikuwa adimu, yeye mwenyewe alikunywa isiyo na sukari ili mgeni apate.

"Andika jina zima," alisema. "Jina langu msiandike popote."

Ngazi ile niliiingiza kwenye sehemu ya tisa. Mwongozaji aliitaka pia kwenye picha ya tangazo: ngazi tu, na mikono miwili inaishikilia chini, na juu hakuna mtu. Alikuwa na haki. Jina lilishasema "shuka", picha haikuhitaji kumwonyesha wa kushuka. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na kwa kila pongezi niliyopata nilijisikia kama mtu aliyeonekana akitoka dukani na kitu ndani ya khanga.

Tamthilia iliangaliwa. Mji ulijua, kama nilivyosema utajua. Hakuna aliyemtukana, watu wa Sumbawanga si wa kutukana wazee. Walipunguza sauti alipopita. Kanisani alihama kutoka kiti cha mbele akakaa karibu na mlango. Ndugu wa kijiji kile walikuja kumwona, wakakaa, wakaondoka bila kuuliza walichojia. Hayo niliyasikia kwa simu nikiwa Dar es Salaam, na kila mara nilisema nitakuja, na kila mara nikapata kazi.

Jina nalo likapata miguu. Ndivyo jina zuri linavyofanya, hutoka kwenye televisheni likaenda kukaa na watu. Madereva wa bodaboda walilishika kwanza. Ukifika unakokwenda, kijana alikuwa anazima pikipiki na kusema, "Shuka, mwanangu," hata kama wewe ni mama yake kwa umri. Niliambiwa na mdogo wangu aliyedhani nitafurahi.

Nilikwenda hatimaye kabla ya mvua za kupandia. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yake, nimebisha hodi bila kujibiwa, nilipoona pikipiki inakuja kutoka upande wa mjini. Yeye alikuwa nyuma ya dereva, koti limepeperuka, mfuko wa mbegu katikati yao. Pikipiki ilisimama hatua chache kutoka nilipo. Kijana akazima injini, akasema kwa furaha yake ya kila siku, bila hata kugeuka:

"Shuka, mwanangu. Tumefika."

Kisha akaniona mimi, akakumbuka amebeba nani, akageuka haraka. Akamwomba radhi mzee wake, akasema ni mazoea tu, wanasema wote kijiweni, hana maana mbaya. Alikuwa kijana wa kama miaka ishirini. Sidhani kama alijua lolote zaidi ya kwamba amemwita mzee mtoto.

Bwana Utamaduni aliuweka mkono kwenye bega la yule kijana, akauvuta mguu mmoja juu ya kiti kwa shida, akaukanyagisha chini, akatulia, kisha akauleta wa pili. Ilichukua muda. Kijana aliishika pikipiki kwa mikono miwili isiyumbe.

"Haya," mzee alisema, "nimeshuka."

Ndipo akaniona, akaniuliza habari za safari. Nilimwamkia nikiwa nimeinama, nikauchukua mfuko wa mbegu mikononi mwake, nikatangulia kuingia ndani ili asinione uso.